Mkuu amejibu "Nimeona" na jokofu la chanjo bado linagandisha: kutafuta kasoro ndani ya ujumbe wenyewe

Mwongozo huu ni wa mganga mfawidhi, muuguzi wa chanjo au mtumishi yeyote wa kituo ambaye ameshamwandikia Mganga Mkuu wa Wilaya kuhusu tatizo lililomshinda, akajibiwa vizuri, na tatizo likabaki pale pale. Nimechukua kisa kimoja tu na kukifuata hadi mwisho: jokofu la chanjo linalogandisha usiku. Kituo, tarehe na tarakimu zake ni za mfano, lakini kasoro za ujumbe ni zile zile zinazofika kila wiki katika ofisi zinazopokea jumbe za namna hii, na nimezisoma nyingi.

## Kisa chenyewe

Chanjo kituoni hutunzwa kati ya nyuzi 2 na nyuzi 8 za Selsiasi. Ndani ya jokofu hukaa kifaa kidogo kinachorekodi joto na kuhifadhi kumbukumbu za siku 30. Joto likishuka hadi nyuzi 0.5 chini ya sifuri, au chini zaidi ya hapo, kwa dakika 60, kifaa kinaonyesha tahadhari ya baridi. Likipanda kupita nyuzi 8 kwa saa 10, kinaonyesha tahadhari ya joto.

Katika kisa chetu, tahadhari ya baridi ilitokea usiku wa Jumatatu tarehe 3 Machi. Fundi wa halmashauri akaja Jumatano tarehe 5, akairekebisha themostati, akasema imechakaa na inatakiwa mpya. Tahadhari ikarudi usiku wa Alhamisi tarehe 6, kisha usiku wa Jumapili tarehe 9. Jumatatu jioni mfawidhi akamwandikia Mganga Mkuu kwa wasapu:

> Shikamoo Mkuu. Samahani kwa kukusumbua jioni hii na pole na majukumu. Sisi huku hatujambo ila tuna changamoto ya jokofu la chanjo, linasumbua sana tangu wiki iliyopita. Fundi tulimwita akaja akagusagusa akaondoka, na mpaka leo kila tukimpigia anasema anafuatilia kifaa. Mratibu naye tulishamweleza. Wahudumu wamechoka maana kila asubuhi wanakuta barafu na inabidi wahangaike kuhamisha chanjo. Kwa kweli hali ni ngumu na tumejitahidi kadiri ya uwezo wetu. Tunaomba msaada wako Mkuu ili huduma ziendelee vizuri. Asante na kazi njema.

Jibu lilikuja baada ya nusu saa: "Marahaba. Nimeona. Poleni, endeleeni kumfuatilia fundi."

Mfawidhi anaweza kudhani Mkuu hajali. Soma tena ujumbe ukiwa umekaa kwenye kiti cha Mkuu, una jumbe nyingine ishirini zinazosubiri, na utaona kwamba jibu lile linalingana kabisa na kilichoandikwa. Tuanze na dalili hiyo.

## Dalili ya kwanza: jibu ni "Nimeona", "Poleni" au "Fuatilieni"

Chanzo chake mara nyingi ni kimoja: ujumbe haukuomba uamuzi wowote. Umeomba "msaada". Mtu akiombwa msaada bila kuambiwa upi, anatoa ule ulio karibu zaidi, yaani pole na ushauri.

Namna ya kuthibitisha ni rahisi. Pitia ujumbe wako na upigie mstari sentensi ambayo Mkuu angeweza kuijibu kwa "ndiyo", "hapana" au "chagua la pili". Kwenye ujumbe wa hapo juu hakuna hata moja. Kama huoni ya kupigia mstari, usitafute kosa jingine kwanza. Mengine yote yatarekebishika baada ya hili.

Tiba inaanza kabla ya kuandika. Jiulize ni kitu gani kimekwama ambacho mamlaka yako hayakifikii, na yake yanakifikia. Kwa kituo cha afya vitu hivyo ni vichache: kuidhinisha matumizi ambayo hayamo kwenye mpango wa mwaka, kuhamisha vifaa au mzigo kutoka kituo kimoja kwenda kingine, kuiagiza idara ambayo haiwajibiki kwako, na kukubali hatari ambayo wewe huna haki ya kuikubali kwa niaba ya wagonjwa. Ukiona unachotaka kuomba hakimo humo, kwa mfano unataka Mkuu ampigie fundi simu amkumbushe, hilo bado ni lako au la mratibu.

Katika kisa chetu mfawidhi alipokaa na kufikiri, alikuta fundi hana uzembe wowote. Alishapata bei ya themostati: shilingi 185,000 pamoja na kuifunga. Fedha zipo kwenye akaunti ya kituo. Kilichokosekana ni kibali, kwa sababu matengenezo hayo hayakuwekwa kwenye mpango. Siku zote hizo kituo kilikuwa kinasubiri "kifaa", na kifaa kilikuwa kinasubiri sahihi. Hiyo ndiyo sentensi iliyotakiwa kuwa ya kwanza:

> Naomba kibali cha kutumia shilingi 185,000 za kituo kununua na kufunga themostati ya jokofu la chanjo. Matumizi haya hayamo kwenye mpango wetu wa mwaka.

Wengi huogopa kuanza na ombi, wakiona ni kukosa adabu. Adabu hailazimu ombi likae mwishoni. Salamu inatangulia, na inastahili kutangulia, lakini mstari mmoja unaitosha: "Shikamoo Mkuu." Kinachomchosha mkubwa ni ule mlolongo wa samahani na pole na hatujambo unaofuata, ambao kwenye simu unajaza sehemu yote inayoonekana kabla hajafungua ujumbe. Anaona samahani tatu, anaacha kwa ajili ya baadaye, na baadaye haifiki.

## Dalili ya pili: jibu ni maswali

"Lini?" "Jokofu lipi?" "Fundi alisemaje?" "Mmeshajaribu nini?" Ukipata mfululizo wa maswali ujue Mkuu anataka kuamua, ila historia uliyompa haimtoshi. Ni dalili nzuri kuliko ya kwanza, lakini kila swali linakula nusu siku.

Chanzo ni kwamba historia imeandikwa kama malalamiko. "Linasumbua sana tangu wiki iliyopita" haina tarehe, haina kipimo, haisemi linasumbua vipi. Jokofu linaweza kusumbua kwa kupandisha joto, kwa kugandisha, kwa kuvuja maji au kwa kupiga kelele, na kila moja lina dawa yake. "Akagusagusa akaondoka" inaficha habari muhimu kuliko zote, kwamba fundi alishatambua kasoro.

Historia nzuri ya tatizo inajibu mambo manne kwa mpangilio huu: inavyotakiwa kuwa, iliyotokea na tarehe zake, iliyojaribiwa na matokeo yake, na mahali ilipokwama. La mwisho ndilo linalosahaulika zaidi. Watu huandika walichofanya ili kuonyesha kwamba hawakukaa bure, kisha wanasimama hapo. Mkuu hahitaji orodha ya juhudi. Anahitaji kujua kwa nini juhudi hizo haziwezi kuendelea bila yeye.

Jaribu kipimo hiki: mpe ujumbe mwenzako wa idara nyingine, mtu wa maabara kwa mfano, kisha mwambie akueleze kwa maneno yake kwa nini tatizo halijaisha. Akisema "kwa sababu fundi anachelewa", historia yako imempotosha. Akisema "kwa sababu hakuna kibali cha fedha", umefika.

Na uwe na kiasi. Jokofu hilo huenda liliwahi kusumbua mwaka juzi pia, na mna barua zake. Ziache faili. Kitu kinachoingia kwenye historia ni kile ambacho, kikiondolewa, uamuzi unabadilika.

## Dalili ya tatu: ameelewa, lakini haoni haraka

Hii ndiyo dalili inayoumiza zaidi, na ndiyo nitakayokaa nayo. Mkuu anajibu, "Sawa, tutaliangalia kwenye kikao cha mwisho wa mwezi." Ombi amelisoma, historia ameielewa, ila ameliweka kwenye foleni pamoja na bati linalovuja na viti vya mapokezi.

Rudi kwenye ujumbe wa kwanza utafute athari. Utakuta moja tu: wahudumu wamechoka. Uchovu wa wahudumu ni jambo la kweli, lakini hauwezi kumfanya mtu aamue kabla ya Ijumaa. Mwandishi ameandika linalomgusa yeye kila asubuhi, na linalomgusa mtoto halionekani popote.

Athari inaandikwa kwa kufuata kitu kilichoharibika hadi kwa mtu wa mwisho. Hapa mnyororo ni jokofu, kisha chanjo, kisha mtoto, na kila pingili ya mnyororo huo ina jambo la kujua.

Kuganda hakudhuru chanjo zote. Penta, ile inayomkinga mtoto na dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini aina B na ugonjwa wa Hib, ikiganda imeharibika, na kuyeyuka hakuirudishii nguvu. Chanjo ya nimonia na ya pepopunda ni hivyo hivyo. Lakini BCG na surua-rubela zikiwa bado unga, pamoja na polio ya matone, hazidhuriwi na kuganda. Kwa hiyo ukiandika "chanjo zote zimeharibika" ili kumshtua Mkuu, umeandika uongo ambao yeye, akiwa daktari, ataugundua papo hapo, na baada ya hapo hata tarakimu zako za kweli atazitilia shaka.

Kisha kuna mtego ambao umewanasa wengi. Kila kichupa kina alama ndogo ya mraba ndani ya duara inayobadilika rangi chanjo ikipata joto. Muuguzi anaitazama asubuhi, mraba ni mweupe kuliko duara, anasema chanjo ni nzima, kliniki inaendelea. Alama ile inapima joto tu. Chanjo inaweza kuganda usiku kucha na alama ikabaki nzuri kabisa. Ukijua hilo, utajua pia swali ambalo Mkuu au mtu wa ofisi yake atauliza: "Si alama za vichupa ziko sawa?" Lijibu kabla halijaulizwa, kwa sentensi moja ndani ya athari.

Kinachoonyesha kuganda ni jaribio la kutikisa. Unachukua kichupa kimoja cha Penta cha mtengenezaji yule yule na toleo lile lile, unakigandisha makusudi hadi kiwe barafu tupu, unakiandika USITUMIE, kisha unakiacha kiyeyuke. Unakitikisa pamoja na kichupa unachokitilia shaka, unaviweka sambamba mezani na kuvitazama kwa muda usiozidi nusu saa. Mashapo ya kichupa cha shaka yakishuka kwa kasi ile ile ya kilichogandishwa, au kwa kasi zaidi, nacho kiliganda. Yakishuka polepole kuliko hapo, kinafaa. Na kichupa ulichokikuta kimekuwa barafu hakihitaji jaribio, kimeshaharibika.

Mfawidhi wetu alifanya jaribio hilo Jumanne asubuhi tarehe 11, na hapo ujumbe ukabadilika sura. Kati ya vichupa 34 vya Penta, 11 vilishindwa. Alipofungua rejista akakuta jambo zito zaidi: kliniki ya Jumanne tarehe 4 na ya Ijumaa tarehe 7 zilikuwa zimeendelea kama kawaida, kwa kuwa alama za joto zilikuwa nzuri, na watoto 63 walipewa Penta kutoka jokofu lile lile. Huenda baadhi yao walipata chanjo isiyo na nguvu. Kadi zao zinasema wamechanjwa.

Hili halikuwamo kabisa kwenye wasapu ya Jumatatu. Si kwamba lilifichwa. Hakuna aliyekuwa amelitafuta, kwa sababu aliyeandika aliishia kwenye jokofu. Ndiyo maana nasema athari hutafutwa kwanza, kisha huandikwa. Ukiona athari yako inaishia kwenye kifaa au kwenye mtumishi, bado hujafika mwisho wa mnyororo.

Katika kuiandika, tenga unachokijua na usichokijua. Unajua kwamba watoto 63 walichanjwa siku mbili hizo. Unajua vichupa 11 kati ya vilivyobaki vimeganda. Hujui kama vichupa vilivyotumika vilikuwa vimeganda, na sasa haviwezi kupimwa. Ukiandika "watoto 63 wamepewa chanjo mbovu" umemlazimisha Mkuu kuchukua hatua juu ya jambo ambalo hujalithibitisha. Ukiandika "huenda kuna athari kwa baadhi ya watoto" umempa ukungu. Sentensi ya kweli iko katikati yake, na ina namba: "Watoto 63 walichanjwa Penta kutoka jokofu hili baada ya tahadhari ya kwanza. Hatuwezi kuthibitisha kama vichupa walivyochanjwa viliganda au la."

Na sasa kuna uamuzi wa pili, ambao kituo hakina mamlaka nao: watoto hao waitwe warudie au wasiitwe. Maelekezo ya namna hiyo hayatolewi na mfawidhi.

## Dalili ya nne: Mkuu anamfokea mtu

Unatuma ujumbe kuhusu jokofu, kesho yake unasikia fundi ameitwa akajieleze. Jokofu bado linagandisha, na sasa fundi hapokei simu zako.

Chanzo ni sentensi zenye mtu ndani yake. "Kila tukimpigia anasema anafuatilia" inamwambia msomaji kwamba tatizo ni fundi, na bosi aliyeambiwa tatizo ni mtu hushughulika na mtu. Andika tendo na tarehe: "Fundi alikagua tarehe 5 Machi, akatambua themostati imechakaa, akatoa bei siku hiyo hiyo." Ikiwa kweli mtu ameshindwa kutimiza wajibu wake, hilo ni shauri la kuzungumzwa peke yake, kwa njia yake, baada ya chanjo kuwa salama.

## Dalili ya tano: "Mratibu analijua hili?"

Jibu hili lina maana kwamba Mkuu anahisi umeruka ngazi. "Mratibu naye tulishamweleza" haikumridhisha, na ni haki yake, kwa kuwa haisemi alielezwa lini wala alijibu nini. Zungumza na mratibu wa chanjo wa wilaya kabla hujatuma, mweleze kwamba unapandisha suala hili na kwa nini, mwoneshe rasimu, kisha mwandike kwenye nakala. Mara nyingi atakusaidia kurekebisha tarakimu. Mara nyingine atakwambia ana uwezo wa kulimaliza mwenyewe, na barua haitahitajika.

## Dalili ya sita: amekubali, lakini siku zinapita

Ujumbe ulikuwa na ombi bila tarehe, au ulikuwa na tarehe bila sababu. "Naomba jibu mapema iwezekanavyo" haimfungi mtu yeyote. "Naomba jibu kabla ya Ijumaa" inaonekana kama amri kutoka chini. Tarehe inapokelewa vizuri ikiwa imefungwa na tukio ambalo si matakwa yako. Kwa kituo chetu tukio hilo lipo: mgao wa chanjo wa mwezi unaletwa Jumatatu tarehe 17 Machi, na jokofu hili haliwezi kuupokea. Fundi anahitaji mwisho wa wiki kufunga themostati na kulifuatilia jokofu usiku. Hivyo uamuzi ukipita Ijumaa saa 6 mchana, umechelewa kwa mgao huo.

Ongeza pia kitakachotokea jibu lisipofika. Hapa kuwa mwangalifu sana. Usiandike "tusipopata jibu tutanunua", maana hilo ni kujitwalia mamlaka uliyokuwa unayaomba. Kinachoandikwa ni jambo la tahadhari lililo ndani ya uwezo wako mwenyewe: hutapokea mgao huo kituoni, na mratibu ameshajua.

## Ujumbe ulioandikwa upya

Huu ndio uliotumwa Jumanne tarehe 11 Machi. Ulikwenda kwa barua pepe, na wasapu fupi ikamjulisha Mkuu kwamba upo.

> Kwa: Mganga Mkuu wa Wilaya
> Nakala: Mratibu wa Chanjo wa Wilaya
> Yah: Jokofu la chanjo linagandisha: maamuzi mawili yanaombwa kabla ya Ijumaa 14 Machi, saa 6 mchana
>
> Shikamoo Mkuu.
>
> Naomba uamuzi wako juu ya mambo mawili:
>
> 1. Kibali cha kutumia shilingi 185,000 za kituo kununua na kufunga themostati. Matumizi haya hayamo kwenye mpango wetu wa mwaka.
> 2. Maelekezo kuhusu watoto 63 waliochanjwa Penta kutoka jokofu hili tarehe 4 na 7 Machi.
>
> Historia fupi. Kifaa cha kurekodi joto kilionyesha tahadhari ya baridi usiku wa tarehe 3, 6 na 9 Machi. Fundi wa halmashauri alikagua tarehe 5, akarekebisha themostati na kutambua kuwa imechakaa, akatoa bei siku hiyo hiyo. Marekebisho hayakusaidia. Fedha zipo, tumekwama kwenye kibali.
>
> Athari. Jaribio la kutikisa la leo asubuhi: vichupa 11 kati ya 34 vya Penta vimeganda. Alama za joto kwenye vichupa ni nzuri, lakini hazionyeshi kuganda. Watoto 63 walichanjwa baada ya tahadhari ya kwanza. Hatuwezi kuthibitisha kama vichupa walivyochanjwa viliganda au la. Majina na namba za simu za wazazi wote tunazo. Matokeo ya chanjo nyingine zinazodhuriwa na baridi ninampelekea mratibu.
>
> Tulichokwisha kufanya. Vichupa 11 vimetengwa na kuandikwa USITUMIE. Chanjo nyingine zimehamishiwa zahanati ya jirani, kilomita 14, kwa makubaliano na mratibu. Siku za kliniki tunazifuata kwa pikipiki.
>
> Machaguo kwa jambo la 1. (a) Kutengeneza sasa: jokofu litakuwa tayari kabla ya mgao wa tarehe 17. (b) Kusubiri mpango ujao: tutaendelea kutumia zahanati ya jirani, mafuta shilingi 20,000 kwa wiki, na mgao wa mwezi hautatosha kwenye jokofu lao. Napendekeza (a).
>
> Bila uamuzi hadi Ijumaa saa 6 mchana, sitapokea mgao wa tarehe 17 kituoni. Mratibu anafahamu.
>
> Mganga Mfawidhi

Tazama sehemu ya machaguo. Kila chaguo lina gharama yake, hata lile la kutofanya kitu. Bosi anayeona bei moja tu, ile ya kutengeneza, ataona kusubiri ni bure. Mafuta ya shilingi 20,000 kwa wiki yanafikia bei ya themostati kabla ya wiki ya kumi kwisha, na jokofu litakuwa bado bovu. Na pendekezo liwepo. Wengine huliacha wakiona ni heshima kumwachia mkubwa achague, lakini wewe ndiye uliyelala karibu na jokofu hilo, na Mkuu anataka kujua ungeamua nini ungekuwa yeye.

Tazama pia ambacho hakimo: uchovu wa wahudumu, tabia ya fundi, na neno changamoto.

Wasapu iliyoandamana nao ilikuwa hivi: "Shikamoo Mkuu. Nimekutumia barua pepe kuhusu jokofu la chanjo. Naomba maamuzi mawili kabla ya Ijumaa saa 6 mchana: kibali cha shilingi 185,000, na maelekezo kuhusu watoto 63 waliochanjwa kutoka jokofu linalogandisha." Hata asipofungua barua pepe siku hiyo, anajua anachoombwa.

## Pale ujumbe usipofaa

Kuna mambo hayasubiri kuandikwa. Ukiona tahadhari ya baridi asubuhi ya kliniki, unasimamisha Penta na chanjo nyingine zinazodhuriwa na baridi, unatenga vichupa, unampigia mratibu simu, na barua inafuata baadaye. Kutenga chanjo yenye shaka hakuhitaji kibali cha mtu. Usiitupe pia, iendelee kutunzwa kwenye baridi sahihi ikiwa na maandishi ya USITUMIE hadi uamuzi utolewe.

Na ikiwa maamuzi unayoyaomba yamezidi mawili, gawanya ujumbe. Ombi la tatu humfanya msomaji ajibu lile jepesi na kuamini amemaliza.

## Ukishapata jibu

Jibu linaweza kuja kwa simu ukiwa njiani, au kwa neno moja: "Sawa." Sawa kwa lipi, la kwanza, la pili, au kwamba ameiona? Usiende dukani na "sawa" ya namna hiyo. Rudisha kwa maandishi ulichokielewa, siku hiyo hiyo, na nakala kwa mratibu:

> Asante Mkuu. Nimeelewa hivi: kibali cha shilingi 185,000 kimetolewa, na nitamkabidhi fundi kazi kesho Alhamisi. Kuhusu watoto 63, nasubiri maelekezo yako baada ya kuwasiliana na mkoa. Kwa sasa sijawaita wazazi. Kama sivyo, naomba unirekebishe kabla ya saa 3 asubuhi kesho.

Asiporekebisha, una kitu cha kuweka faili. Akirekebisha, umeokoa safari ya fundi. Themostati ikishafungwa, kifaa cha kurekodi joto kikionyesha kati ya nyuzi 2 na 8 usiku mzima kwa siku kadhaa mfululizo, mtumie Mkuu mistari miwili ya kufunga suala hilo, ukitaja tarehe ya kurudisha chanjo jokofuni, na ukibakiza wazi lile la watoto hadi litakapojibiwa.